Maji ya ORS ni nini, na kwa nini kipimo cha maji ndicho dawa yenyewe

ORS ni unga wa sukari ya glukosi na chumvi chache, unaochanganywa na maji ili kumrudishia mtoto anayeharisha kile kinachomtoka. Hauzibi choo. Wazazi wengi hukata tamaa hapo: wamempa tangu asubuhi na bado anaharisha. Lakini kazi yake ni kuzuia mwili usikauke wakati kuharisha kukiendelea.

Utumbo wa mtoto anayeharisha hupoteza maji kwa kasi, lakini njia moja ya kuyafyonza kwa kawaida hubaki wazi. Katika ukuta wake kuna mlango unaopitisha glukosi na chumvi zikiwa pamoja, na zikishapita, maji huzifuata. Ndiyo maana maji matupu hayatoshi, na soda au juisi yenye sukari nyingi huweza kuzidisha kuharisha.

Mlango huo hutaka uwiano maalumu, kwa hiyo kosa kubwa hutokea kwenye kuchanganya. Pakiti nyingi ni za lita moja, ila zipo za nusu lita na za mililita 200. Soma iliyo mkononi mwako. Nawa mikono, pima maji safi yaliyochemshwa yakapoa, kisha mimina unga wote. Kukisia nusu pakiti hakufai. Pakiti ya lita moja ikitiwa kwenye glasi moja, chumvi inazidi mno: kiu ya mtoto huongezeka, na anaweza hata kupata degedege. Maji yakizidi, chumvi haitoshi. Onja kabla ya kumpa. Yakiwa na chumvi kuliko machozi, yamwage. Usiongeze sukari, usiyachemshe tena, na yanayobaki baada ya saa 24 yamwage.

Chukua mtoto wa kilo 8 aliyeanza kukauka: macho yamedidimia, hatulii, anakunywa kwa pupa. Kipimo ni mililita 75 kwa kila kilo, yaani mililita 600 ndani ya saa 4. Kiasi hicho kinatisha mpaka ukigawe: kijiko kimoja cha chai, mililita 5, kila dakika 2, na kila saa atakuwa amepata 150. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole zaidi. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Ambaye hajakauka hupewa kila baada ya choo chepesi: mililita 50 hadi 100 akiwa chini ya miaka 2, na 100 hadi 200 akizidi hapo.

Kijiko kina mpaka wake. Mtoto akilegea, akashindwa kunywa, akitapika kila kitu, choo kikiwa na damu, au ngozi ya tumbo ukiibana ikawa inarudi polepole sana, mpeleke hospitali mara moja. Kama bado anaweza kumeza, mpe ORS njiani.