Tumbo la mwalimu na bakuli la nyoyo: kwa nini nyuzinyuzi hazitaki pupa

Mwalimu aliingia ofisini kwangu hapa Kisumu akiwa amelegeza mshipi matundu mawili. Akaketi, akashusha sauti kama anayeungama, akaniambia kwamba wiki nzima amekuwa akifundisha akiwa amesimama karibu na dirisha. Siku kumi awali alikuwa ameambiwa sukari yake imepanda, akaanzishiwa dawa, na mama watoto akapindua jikoni siku hiyo hiyo. "Daktari, hiki chakula cha afya kitanimaliza kabla ya sukari." (Mimi ni mtaalamu wa lishe, si daktari, lakini nilishachoka kusahihisha watu.)

Nikamwomba anisimulie sahani zake, za zamani na za sasa. Zamani asubuhi ilikuwa chai na mkate mweupe, mchana na jioni ugali wa unga wa pakiti uliokobolewa, samaki au nyama, na mboga kidogo pembeni. Nilipopiga hesabu nilipata kama gramu 12 za nyuzinyuzi kwa siku. Sasa asubuhi ni uji wa wimbi, mchana bakuli zima la nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, jioni ugali wa unga wa posho usiokobolewa na rundo la majani ya kunde, na katikati ya siku mapera mawili. Hapo nilipata karibu gramu 50. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Mwalimu alikuwa ametoka nusu ya kiwango hicho hadi maradufu yake, kati ya Jumapili na Jumatatu.

Hakuna hata kimoja kibaya kati ya vyakula hivyo. Shida ni kile kinachotokea vikifika chini.

Nyuzinyuzi ni sehemu ya mmea ambayo utumbo wetu mwembamba hauwezi kuimeng'enya. Wanga na protini vinavunjwavunjwa na kufyonzwa huko juu, nazo nyuzinyuzi zinapita kama zilivyo hadi kwenye utumbo mpana. Huko kuna bakteria wengi sana wanaozisubiri. Wanazichachusha, takribani vile busaa inavyochachuka ndani ya mtungi, na kama ilivyo kwa busaa, hewa hutoka. Hewa yenyewe ni haidrojeni na kaboni dioksidi, na kwa baadhi ya watu methani. Kiasi fulani huingia kwenye damu na kutoka kwa pumzi, kiasi fulani hutumiwa na bakteria wengine, na inayobaki hutoka kwa njia tunayoijua.

Maharagwe yana jambo lao la ziada. Yana aina fulani za sukari, rafinosi na stakiosi, ambazo miili yetu haina kimeng'enya cha kuzivunja. Zinafika kwa bakteria zikiwa kamili, nazo huchachuka haraka kuliko maganda ya mahindi. Ndiyo maana nyoyo inasumbua kuliko ugali wa posho, hata gramu zikiwa sawa.

Bakteria wa tumbo la mtu aliyekula mkate mweupe kwa miaka ishirini wamezoea makombo. Ukiwamwagia gramu 50 kwa mkupuo, hewa inazalishwa kwa kasi kuliko inavyoondolewa, na utumbo unatanuka. Ukiwapa kidogo kidogo, jamii yao inabadilika: wale wanaotumia chakula hicho bila kutoa hewa nyingi wanaongezeka. Kwa watu wengi hilo huchukua wiki mbili, tatu au zaidi.

Kuna kufura kwa namna nyingine pia. Nyuzinyuzi hunyonya maji. Mtu asipokunywa maji ya kutosha, choo kinakuwa kingi na kikavu, kinakwama, na hewa inakwama nyuma yake. Mwalimu alikuwa akinywa vikombe viwili vya chai kwa siku, basi, kwa sababu hapendi kuacha darasa. Hilo peke yake lingetosha kumfuresha.

Kabla ya kulaumu nyuzinyuzi, mimi huuliza saa. Chakula huchukua saa kadhaa kufika kwenye utumbo mpana, kwa hiyo nyoyo ya saa saba mchana kwa kawaida huanza kelele jioni. Tumbo linalojaa muda mfupi baada ya kikombe cha maziwa linanifanya niulize kuhusu maziwa. Na harufu kali haitoki kwa haidrojeni wala kaboni dioksidi, kwani hazina harufu. Inatoka kwa gesi zenye salfa, na hapo mayai, nyama na kabichi huchangia.

Kwa mwalimu, jioni ndiyo ilikuwa mbaya, lakini hata asubuhi alikuwa akiharisha kidogo. Dawa aliyopewa ilikuwa metformini, ambayo mwanzoni huleta gesi na kuharisha kwa watu wengi. Mambo mawili, dawa na chakula kipya, yalikuwa yameanza wiki ile ile. Nilimwambia asiache dawa, ila arudi kliniki awaeleze, na ahakikishe anaimeza pamoja na chakula. Sisi tungeshughulikia sahani.

Tulirudi nyuma kwanza. Wiki ya kwanza alirudia unga wake wa pakiti, akaongeza nusu ya avokado tu, ambayo ina kama gramu 5, na glasi moja ya maji kwa kila mlo. Wiki ya pili alichanganya unga: gorogoro tatu za uliokobolewa kwa moja ya posho. Mama watoto alilalamika kwamba ugali huo hauna jina, lakini aliusonga. Wiki ya tatu zikaja vijiko vitatu vikubwa vya maharagwe yaliyoiva, si bakuli. Yalilowekwa usiku kucha, maji yale yakamwagwa, yakachemshwa kwa maji mapya, kwa kuwa sehemu ya zile sukari hubaki kwenye maji ya kulowekea. Sehemu tu, asikudanganye mtu kwamba gesi yote inamwagwa.

Kanuni yangu ni kitu kimoja kwa wiki, gramu 5 hivi. Tumbo likilalamika, usirudi hadi mwanzo. Kaa hapo ulipo wiki moja zaidi. Mwalimu alikwama wiki ya tatu, akakaa kwenye vijiko vitatu kwa siku kumi na nne. Wiki ya tano tukafika nusu kwa nusu kwenye unga, na wiki ya sita uji wa wimbi ukarudi. Alikuwa amepita gramu 25.

Mpango huu si wa kila tumbo. Choo chenye damu, kupungua uzito bila sababu, au maumivu yanayokuamsha usiku ni ya daktari. Tumbo lililofura huku unatapika na hewa haitoki kabisa ni la hospitali siku hiyo hiyo. Aliyewahi kupasuliwa utumbo pia aulize kwanza. Wapo wengine wenye matumbo mepesi ambao maharagwe yatawasumbua hata waende polepole vipi. Hao huwatafutia nyuzinyuzi kwenye viazi vitamu, machungwa na mboga.

Juzi mwalimu alipita kunisalimu, mshipi uko kwenye tundu lake. Jumamosi alikuwa kwenye matanga, akapakuliwa nyoyo bakuli zima, na kwa heshima akalimaliza. Akalala chumba cha wageni.