Ujumbe wa dalali baada ya kukabidhi ufunguo: yanayodhaniwa na yalivyo

Tuchukue nyumba moja ya vyumba viwili, Fuoni, Zanzibar. Kodi ni shilingi 250,000 kwa mwezi. Mpangaji ni mwalimu wa skuli, mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, na dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja. Siku ya ufunguo mpangaji anatoa 1,500,000 ya kodi na 250,000 ya udalali, jumla 1,750,000. Jioni ile dalali anachukua simu kuandika shukrani, na makosa mengi huanzia hapo.

Dhana: Shukrani na ombi la kuletewa wateja viende pamoja, siku ile ile, mpangaji bado ana furaha

Siku ile mpangaji hana furaha bali ana uchovu. Pesa yote imemtoka, vyombo viko kwenye gari ya mizigo, na nyumba hajalala hata usiku mmoja. Hajui kama maji ya ZAWA yanafika kila siku au kwa zamu, wala hajui kama tangi la juu linajaa. Ukimwambia akuletee rafiki zake wakati huo, unamtaka asifu kitu asichokijua. Akiwa mwungwana atajibu "inshaallah", na ndiyo basi.

Siku ya ufunguo ni ya shukrani peke yake, na iambatane na mambo atakayoyahitaji usiku ule. Kwa mfano:

"Assalaamu alaykum Bi Mwalimu. Ahsante kwa kuniamini, Mungu aijaalie baraka nyumba yenu. Nambari ya mita ya umeme ya tukuza nimekupigia picha, iko hapo chini. Ukuta wa chumba cha nyuma una ufa, picha yake nimeitunza na mwenye nyumba anayo, isije ikasemwa mmeufanya nyinyi. Kesho au keshokutwa jitambulisheni kwa sheha. Likiharibika kitu wiki hii, nipigie mimi kwanza."

Ujumbe huu hauombi chochote. Ile picha ya ufa ina thamani kuliko dua zote zilizomo, kwa sababu miezi sita baadaye, mpangaji anapotoka, ndiyo itakayozuia ugomvi.

Baada ya siku saba hadi kumi unauliza jambo moja tu: nyumba inakwendaje? Hapo soma jibu kwa makini. "Tuko salama" ni adabu, haikwambii kama ameridhika. Akikueleza mwenyewe kuwa upepo unaingia vizuri au watoto wamezoea jirani, ameridhika. Akikwambia maji hayapandi tangini, ombi linasubiri. Mtafute mwenye nyumba siku hiyo hiyo, aende fundi bomba. Mara nyingi boya limekwama au msukumo wa maji hautoshi kufika juu na inahitajika pampu. Fundi akishamaliza, rudi kwa mpangaji kuhakikisha. Dalali aliyerudi baada ya kulipwa pesa yake huwa amejieleza kwa mpangaji vya kutosha. Ukibandika ombi la wateja chini ya malalamiko ya maji, atakachowasimulia wenzake skuli ni hayo maji.

Dhana: Ombi liwe pana, ili lisimwache mtu

"Ukisikia yeyote anataka nyumba, kiwanja au duka, nikumbuke." Hili ndilo ombi linalotumwa zaidi na ndilo lisiloleta mtu. Mpokeaji hana wa kumfikiria, kwa hiyo hafikirii mtu. Ombi linalofanya kazi linataja mtu mmoja ambaye mteja mwenyewe alishamgusia.

Mkiwa njiani kuangalia nyumba, watu huzungumza: mwenzangu kazini analipa ghali, mdogo wangu anaoa baada ya Ramadhani. Yaandike kwenye daftari jioni ile ile, maana baada ya wiki yote yamesahaulika. Kisha, nyumba ikishatulia, unaandika:

"Bi Mwalimu, ulinigusia kuwa mwenzako wa skuli nyumba yake ya Jang'ombe inaingia maji mvua ikinyesha. Kama bado anatafuta, naomba umpe nambari yangu anipigie mwenyewe. Kama ameshapata, alhamdulillahi."

Angalia kwamba nambari ya mwenzake haikuombwa. Ukiipata na kumpigia mtu asiyekutarajia, lawama inamwangukia mwalimu aliyeitoa. Mwache mwenye shida akutafute. Kumrahisishia mwalimu, mtumie maandishi mafupi ya kupitisha, yasiyotaja jina lake wala kodi yake:

"Nyumba za kupanga Fuoni, Tomondo na Kisauni. Vyumba viwili, 200,000 hadi 300,000 kwa mwezi, miezi sita. Kwenda kuangalia hulipi. Udalali ni kodi ya mwezi mmoja, siku ya ufunguo."

Yule wa Jang'ombe akisoma anajua hapo hapo kama mfuko wake unaruhusu.

Dhana: Bila kuahidi pesa hakuna atakayeleta mtu

Wengi huleta mtu kwa sababu wanataka mwenzao apate nyumba. Ukitia pesa bila kueleza, unaweza kuharibu: mwenzake akija kugundua kuwa mwalimu alipata fungu, anaona aliuzwa. Ukiamua kutoa, taja kiasi na wakati. Ukisema "shilingi 25,000, siku mwenzako atakapolipa kodi" hakuna utata. Ukisema "sitakusahau", yeye anaanza kuhesabu tangu siku ya kuangalia nyumba, wewe unahesabu tangu siku ya malipo, na hapo ndipo mnapokosana. Pesa hiyo itoke kwenye udalali wako, isiongezwe kwenye kodi ya mgeni.

Dhana: Orodha ya matangazo ya WhatsApp inatosha, wateja wote wanapata kwa mara moja

Ujumbe wa orodha ya matangazo humfikia tu mtu aliyeihifadhi nambari yako kwenye simu yake. Mpangaji wa mwaka jana aliyekufuta hapati kitu, nawe huambiwi. Anayeupata naye anatambua haraka kuwa haukuandikiwa yeye, kwani hauna jina lake wala nyumba yake. Ujumbe mmoja mmoja kwa watu watano una faida zaidi. Usiutume magharibi, wala wakati wa kufuturu ukiwa mwezi wa Ramadhani.

Dhana: Aliyenunua kiwanja anatumiwa ujumbe ule ule

Hapa shukrani hukosewa wakati. Zanzibar ardhi ni mali ya umma, na kinachohama ni haki ya kuitumia, kwa hiyo siku ya kulipa pesa si mwisho wa kazi. Uhaulishaji wa haki hiyo bado unaendelea. Mnunuzi ambaye karatasi hazijatimia hawezi kukupendekeza kwa moyo mkunjufu, na akifanya hivyo anambebesha ndugu yake wasiwasi wake. Subiri uhaulishaji ukamilike na hati iwe mkononi mwake. Bei usiitaje popote kwenye ujumbe: simu ya nyumbani husomwa na wengi, na kuna ndugu ambao hawakuambiwa.

Na mwenye nyumba wa Fuoni naye anastahili ujumbe wake, tofauti na wa mpangaji. Kwake subiri mwezi mmoja, aone kuwa mpangaji uliyemletea ni mtulivu. Kisha, kama ana nyumba nyingine, umuulize jambo moja: mpangaji wa huko anatoka lini? Ukiijua tarehe miezi miwili kabla, yule wa Jang'ombe anaweza kuiona nyumba kabla haijatangazwa.