Nishati ikilingana, bado hujamaliza swali la mgongano

Wanafunzi wa kidato cha tano wanaofika kwenye maabara yetu hapa Mtwara hupenda kuanza swali la mgongano nyumbufu kwa mlinganyo wa nishati. Wanaishia kwenye vipeo vya pili na majibu mawili. Njia fupi ipo.

Chukua toroli mbili zenye springi mbele, juu ya reli moja. Ya kwanza ina kilo 3 na inakwenda upande wa dirishani kwa 0.4 m/s. Ya pili, kilo 1, inakuja kutoka dirishani kwa 0.2 m/s. Tukisema dirishani ni chanya, mwendo wa pili unaandikwa −0.2.

Tuite miendo ya toroli hizo baada ya kugongana v₁ na v₂. Momenta haipotei, kwa hiyo:

3v₁ + v₂ = 3(0.4) + 1(−0.2) = 1.0

Mlinganyo wa pili unatokana na nishati yenyewe. Ukigawanya mabadiliko ya nishati mwendo kwa mabadiliko ya momenta, vipeo vinaondoka, na kinachobaki ni kwamba toroli zinaachana kwa kasi ileile ziliyokaribiana nayo:

v₂ − v₁ = 0.4 − (−0.2) = 0.6

Weka v₂ = v₁ + 0.6 kwenye mlinganyo wa kwanza, upate 4v₁ = 0.4. Basi v₁ ni 0.1 m/s na v₂ ni 0.7 m/s. Toroli nzito inaendelea mbele polepole, nyepesi inarudi dirishani kwa kasi.

Sasa nishati. Kabla: ½(3)(0.16) + ½(1)(0.04) = 0.26 J. Baada: ½(3)(0.01) + ½(1)(0.49) = 0.015 + 0.245 = 0.26 J. Imekaa sawa.

Hapa ndipo wengi hufunga daftari mapema. Jaribu kusahau ile alama ya hasi. Momenta inakuwa 1.4, tofauti ya mwendo 0.2, na majibu yanatoka 0.3 na 0.5 m/s. Kokotoa nishati: 0.135 + 0.125 = 0.26 J. Inalingana kabisa, na jibu si sahihi! Sababu ni kwamba mwendo ukizidishwa kwa wenyewe, hasi inafutika, hivyo nishati haijui toroli ilikuwa ikielekea wapi. Ulitatua vizuri, ila swali la toroli zinazofuatana. Kosa hili linaonekana ukirudi kwenye mchoro na kuandika momenta ya mwanzo upya, mshale kwa mshale.

Ukisahau hasi sehemu moja tu, kwenye tofauti ya mwendo, utapata 0.2 na 0.4, na nishati itashuka hadi 0.14 J. Hilo ukaguzi unalinasa.

Na yale majibu mawili ya njia ndefu? Moja ni 0.4 na −0.2, miendo ya mwanzo. Linatimiza momenta na nishati, lakini linaeleza toroli ambazo hazijagusana. Kwenye njia fupi halijitokezi, kwa sababu tuligawanya tukichukulia kwamba miendo imebadilika.

Kwenye reli halisi, tarajia kupima pungufu kidogo ya 0.26 J, maana magurudumu yana msuguano. Ukipima zaidi ya hapo, kagua kwanza kama reli imelala sawa.