Je, wajua? Midazolamu hupitia shavuni au puani, si tumboni

“Daktari ametuandikia midazolamu ya kumtia mtoto shavuni au puani akishikwa na degedege isiyoisha. Mbona asimeze kama dawa zake zingine? Na tutajuaje tumempa sawasawa?”

Mtoto aliye katikati ya degedege hamezi. Ukimmiminia kitu kooni, kinaweza kuteremka mapafuni. Na hata kama angemeza, dawa ingechukua muda mrefu tumboni, kisha damu ya utumbo ingeipeleka kwanza kwenye ini, ambalo huiharibu sehemu kubwa kabla haijafika kichwani. Mishipa midogo ya shavuni na puani hairudi kupitia ini. Damu yake huenda moyoni moja kwa moja, na kutoka hapo ubongoni.

Midazolamu yenyewe ina tabia inayoifaa njia hiyo. Ndani ya ampuli, kile kichupa chake cha kioo, huwekwa katika maji yenye uchachu ili iyeyuke. Ikigusa utando laini wa mwili, ambao hauna uchachu huo, umbo lake hubadilika na kuwa la kupenda mafuta, nayo hupenya utando kwa haraka. Ikifika ubongoni huipa nguvu kemikali ambayo kazi yake ya kila siku ni kutuliza seli za neva. Kwa kawaida degedege hutulia ndani ya dakika chache.

Madaktari husema isitolewe kabla ya dakika tano. Degedege nyingi hukoma zenyewe katika dakika mbili au tatu, na mtoto huyo hahitaji dawa. Ikipita tano, uwezekano wa kukoma yenyewe hupungua sana. Tena kadiri inavyoendelea, vipokezi ambavyo dawa hii huvishika hujificha ndani ya seli, kwa hiyo kipimo kilekile kinachotosha dakika ya tano huenda kisitoshe dakika ya ishirini. Ndiyo sababu mzazi hupewa dawa hii akae nayo nyumbani. Usiku, hapa Kisumu, kutoka Nyalenda hadi Hospitali ya Jaramogi, dakika ishirini huisha ukingali unatafuta bodaboda.

Hatari ninayoiogopa zaidi iko kwenye ampuli. Midazolamu inayotumiwa mara nyingi ni ileile ya kudunga mshipani, na ampuli zake hazina nguvu moja. Kuna iliyoandikwa 5 mg/5 ml, maana yake kila mililita ina miligramu 1. Kuna iliyoandikwa 15 mg/3 ml, ambapo kila mililita ina miligramu 5. Ukizishika mkononi zinafanana, lakini ya pili ina nguvu mara tano.

Tuseme mtoto wenu ana kilo 15, na daktari amechagua pua. Kipimo cha puani ni miligramu 0.2 kwa kila kilo, kwa hiyo ni miligramu 3. Kutoka kwenye ampuli kali hiyo ni mililita 0.6, yaani 0.3 kila tundu la pua. Kutoka kwenye ampuli nyepesi ni mililita 3, maji mengi kupita kiasi kwa pua ndogo, na yataishia kooni. Sasa fikiria mama amekariri “mililita tatu” kisha duka la dawa likampa ile kali. Atampa mtoto miligramu 15, na mtoto anaweza kuacha kupumua. Fikiria pia baba aliyekariri “nukta sita” akapewa ile nyepesi. Mtoto atapata miligramu 0.6, degedege itaendelea, na nyumba nzima itasema dawa haifanyi kazi. Kwa hiyo mwombeni daktari aandike miligramu, mililita na maandishi ya ampuli, yote matatu kwenye karatasi moja, na kila mkinunua mlinganishe. Kipimo cha shavuni mara nyingi huwa kikubwa kuliko cha puani, basi msibadilishe njia bila kuuliza kipimo chake.

Degedege ikianza, angalia saa kabla ya kitu kingine. Mlaze mtoto kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimshike kwa nguvu. Ikikaribia dakika tano, vuta dawa kwa sirinji ya mililita 1, ambayo alama zake husomeka vizuri, kisha ng'oa sindano uitupe mbali kabla hujamkaribia. Puani, dondosha polepole, nusu huku na nusu kule. Kama pua imejaa kamasi au inatoka damu, dawa haitagusa utando, na hapo shavu ni bora. Mdomo ukijaa matapishi au mate mengi, pua ni bora.

Shavuni, watu wengi hukosea kwa kudhani lazima meno yafunguliwe. Hayahitaji kuguswa. Futa mate, vuta kona ya mdomo kidogo, ingiza ncha ya sirinji kati ya ufizi wa chini na shavu, nje ya meno, kisha sukuma taratibu. Meno yakiwa yamekazana kabisa, dawa bado inaingia. Kijiko ambacho jirani atakimbilia kuleta hakina kazi hapo, huvunja meno tu na kuziba njia ya hewa.

Baada ya hapo kazi yenu ni kutazama. Degedege imekoma kweli pale mwili unapolegea na pumzi kuwa za mpangilio, hata kama mtoto analala fofofo kwa muda. Lakini mikono ikitulia huku macho yamevutwa upande mmoja, au mdomo au kidole kinachezacheza, bado inaendelea. Tazameni kifua kinapanda na kushuka. Rangi ya buluu, dalili ya kukosa hewa, itafuteni kwenye ulimi na ufizi, maana midomo ya ngozi nyeusi inaweza kuificha. Akikawia kuvuta pumzi, inua kidevu chake kidogo njia ya hewa ifunguke. Akiacha kabisa, mpulizieni hewa mdomoni huku mkikimbilia hospitali.

Msirudie dawa nyumbani isipokuwa daktari ameandika hivyo. Degedege isipokoma ndani ya dakika tano tangu mmpe, ni safari ya hospitali papo hapo, na ni heri gari liwe limeitwa tangu mlipofungua ampuli. Katika utafiti wa Hospitali ya Mulago, Kampala, uliochapishwa 2008, watoto 330 walipewa ama midazolamu shavuni ama dayazepamu, dawa nyingine ya kuzima degedege, kwa njia ya haja kubwa. Dayazepamu ilishindwa kuzima degedege au ikarudi mapema kwa watoto 43 katika kila 100, midazolamu kwa 30. Ni bora, ila watoto 30 katika 100 si wachache.

Kama mtoto ana homa, hata akitulia mpelekeni. Huku kwetu Magharibi na Nyanza, malaria kali na homa ya uti wa mgongo huanza kwa degedege vilevile, na midazolamu haitibu hata kimojawapo. Atapimwa malaria na sukari ya damu. Mlangoni mwambieni mhudumu saa ilipoanza, saa mlipompa na miligramu ngapi, na mwonyesheni ampuli tupu. Anayetaka kuongeza dayazepamu lazima aihesabu pia midazolamu mliyompa, kwani dawa hizi mbili hukandamiza pumzi kwa pamoja.