Saa 12 ambazo mchanga hunywa

Nimeketi kwenye mikutano mingi ya watumia maji huku tambarare ya Usangu, Mbeya, na karibu kila mara kikao hufunguliwa kwa shutuma ile ile: wa juu, yaani wanaochota mto kabla ya wengine, ni wezi. Wiki iliyopita nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa kijana msomi aliyekuja na suluhisho lake mkononi. Eti wa juu wajengewe banio la zege, yaani ukuta wa kukinga mto maji yaingie mferejini, wapewe kibali chenye lita zake, wa chini nao wapewe zao, na ugomvi utakwisha. Nilimjibu kwa ukali kuliko nilivyopaswa. Naandika hapa yale niliyopaswa kumweleza taratibu.

Nianze na usiku mmoja wa Oktoba, kwenye kijito kimoja kinachoshuka kutoka safu za Uporoto kwenda tambarare. Kina mabanio matatu. La juu na la kati yako karibu karibu, halafu mto unatambaa kilomita 9 kwenye mchanga hadi banio la chini. Kamati ilikuwa imepanga zamu: mchana wa juu na wa kati, usiku wa chini, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 6 usiku. Wa chini walilalamika wiki nzima kwamba hawajaona hata tone. Wa juu waliapa kwamba wanafungua. Mama mmoja wa huko chini, ambaye vitunguu vyake vilishaanza kugeuka rangi, aliniambia, "Mwanangu, njoo ulale hapa banioni uone mwenyewe."

Sikulala chini, nilikwenda juu. Saa 12 kamili mlinzi wa banio aliinua mbele yangu mbao zote zinazozuia mto. Akashuka hadi banio la kati, akafanya vivyo hivyo. Hakuficha kitu. Chini kidogo ya hapo, mahali mto umenyooka, nilipima mita 10 na kurusha gunzi la mahindi. Lilichukua sekunde 28. Mto ulikuwa na upana wa mita 2 na kina cha sentimita 30. Maji ya usoni mwa mto hukimbia kuliko yaliyo kitandani, kwa hiyo mwendo wa gunzi huzidishwa kwa 0.85 hivi, kisha kwa upana na kina, na jibu likaja lita 180 kwa sekunde. Kipimo cha gunzi kinaweza kukosea hata sehemu moja ya tano, lakini kwa kazi ya usiku ule kilitosha.

Kisha tukatembea na maji, mimi na yule mlinzi. Nani kati yenu amewahi kutembea na kichwa cha maji kwenye mchanga mkavu? Kinakwenda polepole kuliko mtoto anayejifunza kutembea. Mbele kuna povu la rangi ya chai, majani makavu na mavi ya ng'ombe yanayoelea, na chini yake unasikia mchanga ukichemka vipovu maana hewa inatoka na maji yanaingia. Mahali pengine kilisimama kabisa dakika nyingi kikijaza shimo walilochimba watoto kuchota maji, ndipo kikaendelea. Saa 6 usiku simu ya mlinzi iliita: mwenzake kafunga mbao kwa mujibu wa zamu. Tulikuwa hatujamaliza kilomita 5. Kichwa kilisogea kidogo tena, kikanyong'onyea, kikafia chini ya mkuyu.

Kwa hiyo wa juu walisema kweli. Walifungua, na walifungua kwa saa zote walizoahidi. Na wa chini walisema kweli pia. Hakuna mwizi katika hadithi hii, ila vijiji viwili vilikuwa vimeshafika hatua ya kubebeana mapanga.

Hesabu yake haihitaji chuo. Chukua kitanda cha mto cha kilomita 9, upana mita 4, na mchanga uliokauka nusu mita kwenda chini. Karibu theluthi ya mchanga ni nafasi tupu. Ili kuujaza tu unahitaji mita za ujazo kama 5,400. Saa 6 za lita 180 kwa sekunde hazifiki mita za ujazo 3,900. Maji yote ya zamu yanazikwa njiani. Usiku wa pili kichwa hufika mbele kidogo kwa kuwa mchanga una unyevu, lakini mchana kutwa unaendelea kushusha maji chini na jua la Oktoba linamalizia, na jioni unaanza karibu upya.

Sasa turudi kwa yule kijana na lita zake za kibali, maana hapa ndipo ninapokosa subira. Tuseme kibali cha juu ni lita 150 kwa sekunde, cha kati 120, cha chini 90. Jumla 360. Februari mto unabeba hizo na kuzidi, kila mtu anapata haki yake na hakuna anayemkumbuka mwenzake. Oktoba mto una 180. Wa juu anachukua 150 zake, na hana kosa lolote kwenye karatasi. Wa kati anabakiwa na 30. Wa chini ana kibali kisafi chenye muhuri na mfereji uliojaa vumbi. Kibali kilichoandikwa kwa lita hakisemi nani apungukiwe mto unapopungua, kwa hiyo jiografia ndiyo inayoamua, na jiografia siku zote iko upande wa aliye juu.

Watu huniambia basi tugawe kwa uwiano: mto umebaki nusu, kila mmoja apate nusu ya kibali. Wa juu 75, wa kati 60, wa chini 45. Kwenye karatasi ni haki tupu. Lakini mchanga, hata ukishalowa, unaendelea kunywa. Kwenye kijito hiki tulikuta unapoteza lita kama 5 kwa sekunde kila kilomita. Kilomita 9 ni lita 45. Fungu lote la wa chini limeishia njiani, tena safari hii huku kila mmoja akitimiza ahadi.

Ndiyo maana kiangazi, mto ukishakuwa mdogo, maji hayagawanywi kwa lita. Yanagawanywa kwa saa, na saa hizo ziwe za mfululizo. Peleka lita zote 180 chini kwa mpigo, mchanga utachukua 45 zake na 135 zitafika. Hasara ni ile ile kama umetuma maji mengi au machache, kwa hiyo ukituma, tuma mengi. Mifereji yote mitatu ilichimbwa mipana kwa ajili ya masika, inaweza kubeba maji hayo.

Wiki ina saa 168. Safari ya kichwa cha maji kutoka banio la kati hadi la chini, mchanga ukiwa na unyevu wa wiki iliyopita, tuliipima kuwa saa 12 hivi. Swali lililotugombanisha siku mbili nzima ni hili: saa 12 hizo ni za nani? Wa juu walisema ni za wa chini, kwa kuwa mbao zimeinuliwa kwa ajili yao. Wa chini walisema zamu haianzi mpaka maji yafike. Mzee mmoja wa banio la kati ndiye aliyetutoa hapo. Alisema, "Hizo ni za mto. Ziondoeni kwanza, ndipo mgawane." Tukaziondoa. Zilizobaki 156 tukazigawa kwa uwiano wa vibali: juu saa 65, kati 52, chini 39, na zamu inashuka kwa mfuatano huo ili maji yakute njia imelowa hadi kati.

Kwa saa 39 za lita 135, wa chini wanapata karibu mita za ujazo 19,000 kwa wiki. Mfereji wao unavuja theluthi, lakini zinazobaki zinanywesha ekari kama 50 za vitunguu na mahindi mabichi. Kwa zamu ya usiku usiku walikuwa hawapati hata moja, ingawa kwenye daftari la kamati saa zao zilisomeka 42 kwa wiki, nyingi kuliko hizi.

Kuhusu banio la zege nitasema kwa kifupi. Banio la kienyeji la mawe, magogo na nyasi linavuja, na mvujo huo ndio uliokuwa mgawo wa wa chini bila mtu kuuandika. Zege halivuji. Ukimjengea wa juu ukuta unaokatisha mto mzima na kumpa geti, umempa uwezo ambao babu yake hakuwa nao: kuchukua mto wa kiangazi wote, hadi tone la mwisho. Huku Usangu tumejenga mengi ya namna hiyo tukiyaita maboresho. Likijengwa, liachiwe tundu lisilo na geti, chini kabisa ya ukuta.

Kuna jambo linalonisumbua katika hesabu yangu mwenyewe. Nimeugawa mto wote. Saa 65, 52, 39, halafu 12 za mchanga, na hakuna saa iliyobaki kwa ajili ya mto kuendelea na safari yake. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatanguliza maji ya nyumbani, kisha ya mazingira, ndipo mashamba yafuate. Vijito vyetu vyote vinakusudia kufika bwawa asilia la Ihefu, na Ihefu hutoka kupitia kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama. Maji yakishuka chini ya mwamba ule, hakuna kinachotoka, na mto Ruaha Mkuu unakatika ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Umekuwa ukikatika hivyo karibu kila kiangazi tangu miaka ya 1990 mwanzoni. Nilipowaeleza kamati, mama yule wa vitunguu aliniuliza kama viboko wa hifadhini wana kibali. Sikumkasirikia. Ningewanyima wanakijiji wenzake ekari 50, na bado lita zangu chache zingepotelea mchangani kabla hazijaona Ihefu, na mimi nilikuwa nimetoka kumthibitishia hivyo kwa gunzi.

Jibu nililompa ni la nusu tu. Maji ya Ihefu ya kiangazi hayawezi kutoka kwenye kijito kimoja kidogo kama hiki. Yatoke kwenye mito mikubwa isiyokauka, kama Mbarali na Kimani, kwa kufunga mageti ya skimu za mpunga mapema baada ya mavuno badala ya kuyaacha yakimwaga maji kwenye majaruba matupu hadi Septemba. Pale ndipo penye maji ya kurudisha. Lakini najua kwamba kila kijito nilichowahi kupima kilikuwa na sababu nzuri kama hiyo ya kusema zamu yake ya kutoa haijafika.

Wiki ya kwanza ya zamu mpya nililala banioni kwa wa chini. Maji yalifika saa 11 alfajiri, povu mbele, saa 13 baada ya kuinuliwa mbao, siyo 12. Wa chini wakataka saa yao moja irudishwe. Kamati inakaa Alhamisi.