Wajibu wa uwazi: taasisi ya umma inapoapa, inatakiwa kusema nini?

Katika mapitio ya kimahakama, yaani kesi ambayo mtu anaiomba mahakama ipime kama uamuzi wa wizara, halmashauri au bodi ulifuata sheria, mashahidi ni nadra kupanda kizimbani. Ushahidi karibu wote ni wa maandishi. Mleta maombi anaapa, taasisi inajibu kwa kiapo kinzani, vielelezo vinaambatishwa, na jaji anaamua kwa kusoma. Tatizo liko wazi: jalada la uamuzi liko kabatini kwa mjibu maombi. Mleta maombi ana barua ya kukataliwa tu, na mara nyingi hajui hata nani aliyeshauri akataliwe.

Wajibu wa uwazi uliundwa kuziba pengo hilo. Ni wajibu wa taasisi ya umma kuieleza mahakama, kwa ukamilifu na usahihi, mambo yote yanayohusu hoja inayobishaniwa, yakiwemo yanayoiumiza yenyewe, bila kungoja kuulizwa. Ulikomazwa na mahakama za Uingereza. Mwaka 1986, katika kesi ya Huddleston dhidi ya Baraza la Lancashire, Jaji Donaldson alisema kesi za aina hii zinapaswa kuendeshwa karata zikiwa wazi mezani, na karata nyingi huanza zikiwa mikononi mwa mamlaka.

Usiuchanganye na utoaji wa nyaraka wa kesi za madai. Huko kila upande huorodhesha nyaraka zake na kumwonyesha mwenzake. Katika mapitio ya kimahakama ya England na Wales, taasisi hailazimiki kutoa nyaraka mpaka mahakama iamuru. Kinachoifunga ni kueleza kwa ukweli. Ndiyo maana ubora wa kiapo, au wa maelezo ya shahidi yenye tamko la ukweli ambayo kwa kawaida ndiyo hutumika huko siku hizi, ni jambo la kufa na kupona.

Kiapo chenyewe kina mipaka yake. Kenya na Tanzania, kanuni ya 3 ya Amri ya 19 katika taratibu za mashauri ya madai inasema mwapaji aeleze mambo anayoweza kuyathibitisha kwa ujuzi wake mwenyewe. Katika maombi ya muda, yaani yale yanayoletwa kesi kuu ikiwa bado haijaamuliwa, anaruhusiwa kueleza anachoamini, ila ataje sababu za kuamini hivyo. Uamuzi wa Uganda wa mwaka 1966 katika shauri la Matovu, ambao mawakili wa Afrika Mashariki wanaunukuu mpaka leo, uliongeza kwamba kiapo hakipaswi kubeba hoja za kisheria, maombi wala hitimisho. Sasa tazama kinachotokea ofisini: anayeapa ni ofisa wa idara ya sheria, aliyefanya uamuzi ni mkurugenzi ambaye labda ameshahamishwa. Ofisa huyo asiposema habari amezipata kwa nani na kwenye jalada lipi, kiapo chake kina dosari hata kama kila neno ni kweli.

Udanganyifu wa wazi si ugonjwa wa kawaida wa viapo hivi. Ugonjwa ni ufupisho. Chukua mfano wa kubuni: bodi imemnyima mfanyabiashara leseni, na mwapaji anaandika, «Bodi ilipokea ripoti ya mkaguzi na kuizingatia kabla ya kuamua.» Ripoti yenyewe ina kurasa sita. Inasema jengo lina kasoro mbili ndogo, na inapendekeza leseni itolewe kwa masharti. Sentensi ya mwapaji haina uongo, lakini jaji akiisoma ataamini kwamba mkaguzi aliunga mkono kunyimwa. Kiapo chenye uwazi kingesema mkaguzi alipendekeza nini, kingesema bodi ilikataa pendekezo hilo na kwa sababu gani iliyoandikwa siku hiyo, halafu kingeambatisha ripoti.

Jambo la kuambatisha lilifika kwa Mabwana wa Sheria, waliokuwa majaji wa ngazi ya juu kabisa Uingereza wakati huo, mwaka 2006, katika kesi ya Tweed dhidi ya tume inayosimamia maandamano ya Ireland Kaskazini. Tume ilikuwa imewekea masharti maandamano katika kijiji cha Dunloy, na kiapo chake kikaeleza kwa muhtasari ushauri iliopewa na polisi na watu wengine. Lord Bingham alisema taasisi inapotegemea waraka uliokuwa na uzito katika uamuzi wake, utaratibu mzuri ni kuuleta waraka huohuo, kwa kuwa muhtasari unaweza kupotosha hata bila nia mbaya. Waraka ukiwa na siri, jaji anaweza kuusoma kwanza peke yake.

Kuhusu siri: wajibu huu hauondoi kinga ya mawasiliano kati ya wakili na mteja wake. Lakini kufuta maneno kwa wino mweusi kwa mazoea tu hakukubaliki. Mwaka 2024 Mahakama ya Rufani ya England iliikatalia serikali desturi ya kuficha majina ya watumishi wa ngazi za chini kwenye kila waraka. Anayetaka kuficha jina aonyeshe sababu yake.

Kesi inayoonyesha vizuri wajibu huu unavyovunjwa ni ya simu za wahamiaji. Mwaka 2020, watu waliovuka bahari kwa boti ndogo na kufika pwani ya kusini mwa England walipekuliwa na kunyang'anywa simu, wakatakiwa kutoa namba za siri, na data zikachukuliwa. Mawakili wao waliandika barua za kabla ya kesi wakiuliza kama kuna sera ya kumpokonya kila mmoja. Wizara ya Mambo ya Ndani ilikana. Kumbe sera ilikuwepo, haikuwa imetangazwa, na wizara ikaja kukiri baadaye. Machi 2022 mahakama ilisema sera hiyo ni batili, na kwamba kifungu cha 48 cha Sheria ya Uhamiaji ya 2016 hakikutoa mamlaka ya kupekua watu mwilini. Katika hukumu ya pili mwaka huohuo ilishughulikia uwazi peke yake, na kueleza kwamba wajibu unaanza tangu hatua ya barua za kabla ya kesi.

Hilo la mwisho ndilo linalowaumiza mawakili wa serikali. Kwa kawaida barua hiyo hujibiwa ndani ya siku 14, wakati ofisa wa dawati hajawauliza walioko uwanjani. Jibu la «hatuna sera kama hiyo» likishatoka, kila hati inayofuata hulinakili. Dawa yake ni kuagiza nyaraka zisifutwe siku barua inapofika, barua pepe na ujumbe wa simu zikiwemo, kisha kumtafuta aliyefanya kazi yenyewe kabla ya kujibu. Kosa likigunduliwa, hati ya kusahihisha iwasilishwe mara moja, bila kungoja tarehe ya kusikilizwa.

Anayeleta maombi naye hana msamaha. Tanzania na Kenya, mwombaji wa kibali cha kufungua mapitio anaposikilizwa upande mmoja anatakiwa kueleza na yanayompinga, kwa mfano kwamba ana rufaa ambayo hajaitumia. Akificha, kibali kinaweza kufutwa.

Taasisi ikificha, mahakama inaweza kuamuru nyaraka zitolewe, kumruhusu mwapaji aulizwe maswali, kuibebesha gharama, au kuchukulia kwamba kilichofichwa kingeiumiza. Kenya imeliandika wazo hilo katika sheria: kifungu cha 6 cha Sheria ya Utawala wa Haki ya 2015 kinasema msimamizi asipotoa sababu za uamuzi alizoombwa, itachukuliwa, mpaka athibitishe vingine, kwamba hakuwa na sababu nzuri.