Mgeni alilipa, akarudi, tovuti ikamkana: kuki ya sesheni kwenye tovuti ya HTTPS

Ofisi moja ya kupandisha wageni mlimani hapa Moshi ilitufuata chuoni na tatizo lililowanyima usingizi. Mgeni anaingia kwenye akaunti yake, anachagua safari ya njia ya Machame, anabonyeza kitufe cha kulipa na kupelekwa kwenye lango la malipo. Analipa amana. Akirudishwa kwenye tovuti anakuta maneno "Tafadhali ingia kwanza". Hela imekatwa, uthibitisho hauonekani, na simu ya ofisi inaanza kuita.

Kilichowachanganya zaidi ni kwamba haikuwapata wageni wote. Aliyelipa upesi alirudi salama. Aliyesimama kwenda kutafuta kadi kwenye begi alirudi akiwa hatambuliki. Programa wao alijaribu mara nyingi kwa kadi ya majaribio, na kila mara ikakubali, kwa sababu yeye alimaliza chini ya dakika moja.

Tuliomba kuona mstari mmoja tu, ule ambao seva inautuma mtu anapoingia:

```
Set-Cookie: PHPSESSID=k3v9t0m2; path=/
```

Hiyo ndiyo kuki ya sesheni, wengine huiita kidakuzi. Seva haikumbuki mtu kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, kwa hiyo humpa namba ya nasibu, na kivinjari huirudisha namba hiyo kwa kila ombi. Inafanya kazi kama kibandiko cha mzigo stendi: aliyenacho mkononi ndiye anayekabidhiwa begi, haulizwi jina wala nywila. Mstari ule haukuwa na vizuizi vya kuki viitwavyo Secure, HttpOnly na SameSite. Mpangilio wa awali wa PHP hauwashi hata kimoja kati ya hivyo, na programa hakuwa ameugusa.

Tuanze na SameSite, maana ndiyo iliyowaumiza. Inakiambia kivinjari kama kuki iende pamoja na ombi lililoanzia kwenye tovuti nyingine. Ikiwa Strict, haiendi kabisa. Ikiwa Lax, inaenda pale tu mtu anapohamia kwenye tovuti yako kwa kiungo cha kawaida, yaani ombi la GET. Ikiwa None, inaenda popote, mradi iwe na Secure. Tangu 2020 Chrome huichukulia kuki isiyosema lolote kama Lax, lakini ikaacha mwanya mdogo: kuki ya namna hiyo ikiwa na umri usiozidi dakika 2, bado hupelekwa hata kwa ombi la POST, lile linalotumwa kwa fomu.

Sasa tazama safari ya yule mgeni. Lango la malipo lilikuwa linamrudisha kwa fomu ya POST. Akimaliza ndani ya dakika 2 tangu alipoingia, kuki inakwenda naye. Zikipita, Chrome inaizuia, na seva inamwona mtu mgeni kabisa.

Walikuwa wameshashauriwa waweke SameSite=None, na kweli malipo yangepona. Lakini hapo ukurasa wowote wa mtu mwenye nia mbaya ungeweza kuficha fomu inayotuma POST kwenye tovuti yao, na kivinjari cha mgeni kingeiambatanisha kuki yake. Safari ingefutwa kwa jina la mgeni asiyejua lolote. Tuliwakataza.

Dawa iko kwenye ukurasa wa kurudia. Ukurasa ule usitegemee sesheni. Upokee namba ya kumbukumbu ya malipo, seva yako iulize seva ya lango moja kwa moja kama malipo hayo yamekamilika, iandike kwenye hifadhidata, kisha imwelekeze mgeni kwa jibu la 303 kwenye ukurasa wa uthibitisho. Hatua hiyo ya mwisho ni GET, kwa hiyo kuki yenye Lax inapita. Na usiite `session_start()` kwenye ukurasa wa kupokea POST: kwa kuwa kuki haijafika, PHP itatoa mpya na kuikanyaga ile ya zamani, na mgeni atapotea tena. Kosa hili tulilikuta kwao baada ya kurekebisha mengine yote.

Lax nayo ina mpaka wake. Kama una kiungo kama `/futa?safari=118` kinachofuta mara tu kinapobonyezwa, hailindi chochote, kwa sababu kiungo ni GET. Kila kinachobadilisha taarifa kiwe POST, chenye tokeni ya siri ndani ya fomu.

Secure watu huidharau wakisema, "Si tuna HTTPS, na anayekuja kwa HTTP tunamwelekeza?" Mwelekeo huo unachelewa. Mfikirie mgeni aliyeketi mkahawani karibu na Mnara wa Saa, Arusha, kwenye wai-fai ya wazi. Aliye katika mtandao uleule anaweza kukifanya kivinjari kiombe anwani yako kwa `http://`. Ombi hilo linatoka wazi, na kuki ikiwa ndani yake. Seva inapojibu "nenda HTTPS", namba imeshasomwa. Kuki yenye Secure haitoki kabisa kwa njia hiyo. Ila ujue utakachokiona ukiiwasha: anayejaribu tovuti kwa `http://192.168.1.20` ofisini ataingia na kurudishwa kwenye fomu ileile bila kosa lolote kuonekana. Wengi huizima hapo, kisha wakasahau kuiwasha tovuti inapokwenda hewani.

HttpOnly ni fupi. Inaizuia skripti ya ukurasani kuisoma kuki. Fungua konsoli ya kivinjari uandike `document.cookie`. Namba ya sesheni ikionekana, haijawashwa. Haizuii skripti mbaya iliyokwisha kupenya kutuma maombi kutoka ukurasa huohuo, lakini haitaondoka na namba kwenda kuitumia kwingine.

Mstari tuliowaachia ni huu:

```
Set-Cookie: __Host-kipindi=k3v9t0m2; Path=/; Secure; HttpOnly; SameSite=Lax
```

Jina likianza na `__Host-`, kivinjari huikataa kuki isiyo na Secure, isiyo na `Path=/`, au iliyotajiwa Domain. Kwa hiyo tovuti nyingine chini ya kikoa chako haiwezi kuwapachikia wageni kuki yenye jina hilo.

Hatukuweka Max-Age, yaani umri wa kuki kwenye kivinjari, na hapa watu hudhani kuki itakufa kivinjari kikifungwa. Si lazima. Kivinjari kilichopangwa kurejesha kurasa za jana hurejesha na kuki hizo, na kompyuta ya mapokezi hutumiwa na zamu tatu. Umri uhesabiwe kwenye seva. Kila sesheni iandikiwe muda ilipoanza na muda ilipotumika mara ya mwisho. Kwao tulichagua dakika 30 za kukaa kimya na saa 8 kwa jumla, sawa na zamu moja. Usiiegemee `session.gc_maxlifetime` yenye sekunde 1440: hiyo inasema tu faili la sesheni linaweza kuzolewa lini, na mzoaji hupita kwa bahati.

Kipimo cha mwisho ni kutoka. Nakili thamani ya kuki ukiwa umeingia, bonyeza Toka, kisha itume thamani ileile:

```
curl -sI -b "__Host-kipindi=k3v9t0m2" https://tovuti-yako/safari-zangu
```

Jibu la 302 linalokurudisha kwenye ukurasa wa kuingia ni sawa. Ukiona 200, yaani ukurasa umefunguka, kitufe cha Toka kimefuta kuki kwenye kivinjari tu, na sesheni bado iko hai kwenye seva.